Maji ya Hamsini

Siku ya tatu baada ya mafuriko kulivunja bomba kubwa, Waithera aliamshwa na mlio wa mitungi ya plastiki ikigongana nje ya lango lake. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Alivuta pazia kidogo, akachungulia. Foleni ilianzia langoni, ikapita kibanda cha fundi viatu, ikakunja kona na kupotelea upande wa barabara kuu ya Waiyaki Way. Watu walikuwa kimya. Ukimya huo ndio uliomtisha.

Waithera, ambaye mtaa mzima wa Kinoo ulimwita Mama Kui kwa jina la binti yake, alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili. Marehemu mumewe alimwachia ploti ya vyumba kumi na vinne vya kupangisha na kisima kirefu alichokichimba kwa mashine. Kwa miaka yote kile kisima kilikuwa biashara ndogo ya pembeni. Mtungi wa lita ishirini ulikuwa shilingi tano, na siku nyingi aliuza mitungi thelathini tu, kwa sababu watu walikuwa na maji ya mfereji. Sasa mfereji ulikuwa mkavu kuanzia Kinoo hadi Westlands. Kampuni ya maji ilisema wiki mbili, na hakuna aliyeiamini.

Alifungua lango akawasha jenereta, maana stima nayo ilikwenda na mafuriko. Saa ya kwanza mambo yalikwenda sawa. Ya pili, wenye mikokoteni walifika. Mmoja alijaza mitungi arobaini, akalipa mia mbili, akaenda kusimama barabarani mita mia tatu kutoka hapo na kuiuza themanini themanini. Wale wa nyuma kwenye foleni walimwona. Makelele yakaanza, kisha kusukumana. Mwanamke mmoja alipigwa na mtungi mdomoni akatema damu.

Mwendo wa saa nne bomba lilikohoa. Likatema hewa, likatema maji yenye rangi ya matope, likanyamaza. Waithera alikimbia kuzima jenereta. Alijua kilichotokea, mumewe alimweleza mara nyingi. Kisima kilitoa lita elfu tatu kwa saa, yaani mitungi mia na hamsini, na kikivutwa mfululizo bila kupumzika maji hushuka chini ya pampu. Pampu ile ilikaa huko chini, ikipozwa na maji yale yale iliyoyavuta. Ikivuta hewa kwa muda, inaungua.

"Yameisha!" alipiga kelele. "Rudini saa nane!"

Hakuna aliyeondoka. Jiwe moja lilitua juu ya bati la nyumba yake, likabingirika polepole hadi kwenye mfereji wa mvua. Waithera aliingia ndani akafunga mlango kwa komeo, akakaa kitandani.

Alikuwa bado amekaa hivyo Wachira alipobisha, akainuka kumfungulia. Huyu alikuwa mwenye lori la maji la lita elfu sita, mtu wa maneno mengi lakini si mbaya.

"Mama Kui, wewe ndio unaleta hii fujo," alisema. "Unauza shilingi tano kitu ambacho pale barabarani ni themanini. Hiyo sabini na tano unadhani inaenda wapi? Inaenda kwa mtu wa mkokoteni. Na kwa yule mwenye nguvu ya kusukuma. Wewe hujasaidia maskini, umesaidia wenye mabega."

"Nitauzaje maji ghali na watu wako na shida, Wachira? Kanisani nitaingia aje?"

"Sikiliza. Bei ikiwa juu, mtu anachukua mitungi miwili badala ya kumi. Haweki maji ya wiki chini ya kitanda. Haogi mara mbili. Na mimi niko na marafiki Limuru, wako na visima na malori yamelala tu. Wakisikia hapa mtungi ni hamsini, kesho wako hapa. Wakisikia ni tano, hata dizeli hawatarudisha. Watakuja kufanya nini?"

Dizeli. Hilo lilimgusa. Jenereta ilikuwa ikila dizeli ya shilingi mia saba kwa saa, lakini vituo vya mafuta vilikuwa vimekauka na wauzaji wa mitungini walitaka mara mbili. Kwa mitungi mia na hamsini kwa saa, shilingi tano hazikutosha hata kuwasha mashine. Kumi zingetosha.

Lakini Waithera hakuandika kumi. Mchana ule, akisikia sauti za watu nje ya dirisha, alichukua kipande cha kadibodi akaandika HAMSINI, kwa sababu alitaka ile foleni iondoke.

Na iliondoka. Hilo ndilo lililomshangaza. Wengine walimtukana, mama mmoja mzee alimtazama tu akageuka na mtungi wake mtupu, lakini kufikia jioni walibaki watu ishirini waliosimama kwa adabu. Kesho yake kisima hakikukohoa. Kesho kutwa malori mawili ya Limuru yaliegesha kando ya barabara, yakauza mtungi kwa arobaini na tano, na siku iliyofuata kwa arobaini. Kila siku Wachira alikuja kujaza lori lake kwa elfu kumi na tano, akalipeleka Spring Valley, mtaa wa matajiri, kwa bei ambayo Waithera hakuiuliza. Alianza kulala usingizi. Alijiambia Wachira alikuwa amesema kweli, na kwa kiasi fulani alikuwa amesema kweli.

Namalwa ndiye aliyemharibia usingizi huo. Alipanga chumba namba sita, na kila siku alishuka Spring Valley kufua na kupiga deki katika nyumba ya watu wenye uwezo. Alikuja kulipa mtungi wake mmoja, akakaa juu yake badala ya kuondoka nao.

"Mama Kui, yale maji ya Wachira nimeyaona. Yanaletwa kwa ile nyumba."

"Wanayamwaga?"

"Hapana, siwezi kudanganya. Wamebana. Madam amekataza gari isioshwe, na maua yamekauka. Tangu nianze kazi pale sijawahi kuona wakibana kitu."

"Basi si unaona? Bei imefanya kazi."

Namalwa alichezea kifuniko cha mtungi. "Imefanya. Lakini hapa ploti pia watu wamebana. Pale wameacha kuosha gari. Hapa tumeacha kunawa mikono tukitoka choo. Hiyo bei yako inaongea na sisi wote sauti moja, lakini haikati kitu kimoja." Aliinama karibu. "Zadock wa namba kumi na moja hajapata kibarua tangu mvua. Iwe hamsini yako, iwe arobaini ya malori, hiyo ni unga wake. Anateka maji kule mtoni."

Waithera alijua maana yake. Ule mto ulikuwa umebeba vyoo vya mashimo vya nusu ya mtaa.

"Wanachemsha?"

"Na makaa gani?"

Waithera alitaka kwenda namba kumi na moja saa ile ile. Hakwenda. Alijiambia atakwenda kesho, akiwa na la kusema.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, Zadock alikuja mwenyewe kupiga mlango, pekupeku. "Mama, kuja uone Philister."

Philister, mkewe, alikuwa amelala sakafuni juu ya gunia. Macho yalikuwa yamezama na vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Ndoo kando yake ilikuwa na kitu cheupe, kama maji yaliyooshea mchele. Waithera alikuwa ameyaona maji hayo utotoni, mwaka ambao shangazi yake alikufa kwa siku moja. Akashika fremu ya mlango.

"Kipindupindu," alisema, na sauti haikuwa yake.

Lori la Wachira lilikuwa langoni likijazwa. Waithera hakumwomba, alimwamuru. Wachira alifunga bomba tangi likiwa nusu, wakampandisha Philister mbele, Zadock akamshikilia kifuani, wakaenda zahanati honi ikilia njia nzima. Watu wa ploti walibaki wamesimama uani wakimtazama Waithera. Alirudi ndani, akanawa mikono kwa sabuni mara tatu, kisha akayatazama maji yale yakiteremka kwenye sinki akalia kwa hofu. Nyumba moja ikishikwa, choo ni kile kile kwa vyumba kumi na vinne.

Habari zilifika mbali kabla ya adhuhuri. Kundi la vijana lilikuja kutikisa lango hadi bawaba zikalia. "Mama hamsini! Toka!" Alijificha nyuma ya jiko na simu mkononi, hajui ampigie nani. Kilichowatawanya ni gari la chifu.

Chifu hakuja kumtetea. Alisimama juu ya ngazi akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kuanzia saa hiyo maji yote yatauzwa shilingi tano, ya kisima na ya lori, na atakayezidisha atalala ndani. Watu walishangilia. Waithera naye, kusema kweli, alipumua. Mtu mwingine alikuwa ameamua.

Malori ya Limuru hayakugomba na chifu. Yaliwasha injini. Saa tisa yalikuwa yameteremka Waiyaki Way kuelekea Spring Valley, ambako watu hununua kwa simu na hakuna chifu anayechungulia nyuma ya mageti. Wachira naye hakurudi na lori. Ghafla Kinoo yote ilikuwa na kisima kimoja tu chenye bei ya shilingi tano, na kila mtungi wa mtaa ukageuzwa kuelekea lango la Waithera.

Asubuhi iliyofuata foleni ilikuwa mara mbili ya ile ya kwanza. Ilipofika saa nne alijaribu kupumzisha kisima. Mwanamume mmoja mwenye shingo nene alisimama kati yake na jenereta.

"Usizime."

"Pampu itaungua."

"Nimesema usizime, mama. Mtoto wangu hajakunywa maji tangu jana."

Nyuma yake kulikuwa na watu wengine, na nyuma yao wengine. Waithera alirudi nyuma hatua moja. Pampu ilivuta hewa kwa robo saa, ikavuma kwa sauti nyembamba, kisha fyuzi ikaruka na harufu ya waya ulioungua ikajaa ua. Sasa hakukuwa na maji ya tano wala ya hamsini.

Alishuka mjini siku hiyo hiyo, pesa zote za wiki zimefungwa kwenye leso ndani ya blauzi. River Road ilikuwa na matope hadi vifundoni, na katika maduka matano aliyoingia jibu lilikuwa moja: pampu zimeisha. La sita lilikuwa la mtu aitwaye Muthama. Kwenye rafu yake palikuwa na pampu moja tu ya kuzamisha kisimani.

"Ngapi?"

"Laki moja na thelathini."

Mwezi uliopita ilikuwa elfu arobaini na tano. Waithera aliipiga kaunta kwa kiganja. "Huu ni wizi! Watu wanakufa huko!"

Muthama hakukasirika. Alionekana mtu aliyechoka kusikia neno hilo. "Mama, Jumatatu nilikuwa nazo kumi na moja. Nne za kwanza niliuza bei ya kawaida. Mtu mmoja alizichukua zote nne, hana kisima hata kimoja, ameenda kuziweka stoo. Ndio nikapandisha. Ningebaki na bei ya elfu arobaini na tano, ungekuta hii hapa leo?"

Jibu lilikuwa hapana.

Mlangoni aliingia mwanamke kijana mwenye buti za mpira, amebeba bahasha. Alijitambulisha kwa jina la Jackie, kutoka kituo cha kulea watoto kule Uthiru. Pampu yao ilikuwa imesombwa. Watoto sitini na wawili. Alikuwa na elfu sitini, na hizo zilichangwa na kanisa.

Muthama alimtazama Jackie, akamtazama Waithera. "Iko moja," alisema.

Pale Waithera aliogopa kuliko alivyoogopa mawe. Aliweza kulipa. Aliweza kwa sababu ya mtungi wa hamsini na lori la elfu kumi na tano. Jackie hakuweza, na kuhitaji kwake hakukuwa pungufu hata kidogo. Kama angeondoka bila pampu, mamia ya nyumba za Kinoo zingeteka mtoni. Kama angeondoka nayo, watoto sitini na wawili wangefanya hivyo hivyo. Bei haikuwa imeuliza nani ana kiu. Ilikuwa imeuliza nani ana pesa.

Alifungua leso. Vidole vilikataa kufungua fundo, ikabidi atumie meno. Alilipa. Jackie aligeukia mlango, na Waithera akamkimbilia nje kwenye matope akamshika mkono.

"Uthiru na Kinoo ni karibu. Tuma gari na mitungi kila asubuhi. Hutalipa."

"Kila asubuhi?" Jackie alimtazama kwa macho ya mtu aliyeahidiwa mengi wiki ile.

"Kila asubuhi. Andika namba yangu."

Fundi alizamisha pampu mpya siku iliyofuata. Kabla ya kuwasha jenereta, Waithera alimwita chifu, Namalwa na Wachira wakae uani. Alizungumza akiwa amesimama.

"Kisima kinavuta saa nane kwa siku, kwa vipindi. Hiyo ni mitungi elfu moja na mia mbili. Haitazidi hata mkiniua. Nyumba zilizo karibu ni kama mia mbili na sitini. Kila nyumba mitungi mitatu, shilingi kumi kila mtungi, hiyo ni dizeli tu, sina faida. Kituo cha watoto, mitungi mia moja, bure. Inayobaki, Wachira anachukua kwa bei ya soko apeleke Spring Valley, na hiyo ndiyo inalipa pampu."

"Nilisema tano," chifu alisema.

"Kwa tano, mzee, kesho sina dizeli. Na yale malori uliyoyafukuza, tunayahitaji. Mtu akitaka mtungi wa nne, anunue kwao kwa bei yao."

"Nikiruhusu hiyo nitasema niliona nini?"

"Useme hukuona," alisema Namalwa. "Lakini mitungi mitatu ya kwanza tulinde sote. Mimi nitashika orodha."

Chifu alikuna kidevu. Mwishowe alisema orodha hiyo aione kila jioni, akaondoka.

Haikwenda vizuri. Watu walijiandikisha mara mbili, familia ikawa mume nyumba moja na mke nyumba nyingine. Waliohamishwa na mafuriko, waliolala kwenye ukumbi wa kanisa, hawakuwa kwenye orodha yoyote, na Namalwa alipoteza siku nzima akiwahesabu huku wenye foleni wakimzomea. Waliopata mitatu wengine waliuza mmoja. Lori moja tu la Limuru lilirudi, la pili halikuonekana tena. Kila asubuhi kabla ya kufungua lango Waithera alisimama na ufunguo mkononi akisikiliza, akipima sauti za nje kama zimebadilika. Hofu haikumtoka. Lakini hakuna aliyepigwa tena kwa mtungi, na pickup ya kituo cha watoto ilikuja kila siku.

Philister aliruhusiwa kutoka zahanati baada ya siku tano, mwepesi kama kanga ya kuanika. Nyumba mbili zaidi mtaani zilishikwa, na mzee mmoja wa namba mbili katika ploti ya jirani hakurudi kutoka zahanati. Waithera alikwenda namba kumi na moja na uji kwenye chupa. Zadock alisimama mlangoni asimpishe.

"Mama, nataka kuuliza kitu kimoja. Ile hamsini. Ulikuwa unaihitaji?"

Angeweza kumwambia kuhusu mikokoteni, kuhusu kisima kilichokuwa kinakauka, kuhusu malori ya Limuru, na yote yangekuwa kweli. Angeweza kumwambia kwamba bila pesa zile kusingekuwa na pampu.

"Kumi nilikuwa naihitaji," alisema. "Hiyo nyingine niliweka kwa sababu niliwaogopa nyinyi. Nilitaka mwende."

Zadock aliitikia kwa kichwa, polepole. "Tulienda," alisema. Akachukua chupa ya uji, akafunga mlango kwa upole.

Maji ya mfereji yalirudi siku ya kumi na tisa, ya rangi ya chai mwanzoni. Mwisho wa mwezi Zadock na Philister walihamia Kangemi. Waithera aliwarudishia pesa za kodi ya mwezi huo. Philister alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapanda nyuma ya pickup katikati ya godoro na sufuria. Jumapili, baada ya ibada, Wachira alimwambia mbele ya watu kwamba alikosea kushusha bei, eti kwa hamsini malori yangekuwa kumi kufikia wiki ya pili. Namalwa akamjibu kwamba kufikia wiki ya pili wangekuwa wamezika ploti nzima. Walibishana hadi uwanja wa kanisa ukabaki mtupu, na Waithera akasimama kati yao, mkoba kifuani, hajui amuunge mkono nani.